Visima vyetu kwenye ramani

"Tuna visima 40 vya kikundi hapa Mbeya kwenye jedwali la Google Sheets. Tufanyeje ramani ya pamoja bila kulipa?"

Ndugu, tumia Google My Maps kwenye kompyuta. Usitegemee majina ya vijiji, maana yanafanana na alama huangukia mkoa mwingine. Weka safu mbili, Latitude na Longitude, mfano:

```
-8.90, 33.46
```

Bonyeza Import, chagua jedwali, tia tiki safu hizo, kisha safu ya jina la kisima.

Ukisahau alama ya kutoa, kisima kitatokea Sudan Kusini. Ukizigeuza namba, kitakuwa baharini, magharibi mwa Moroko. Na ukibadilisha jedwali baadaye, ramani haijisasishi: fungua menyu ya tabaka, uingize upya.