Maltigridi: kwa nini tushuke gridi pana?

"Kama kulainisha kunapunguza kosa, si niendelee tu kwenye gridi ileile hadi liishe?"

Kulainisha ni kurekebisha kila nukta ya jibu la kukisia kwa kutumia majirani zake, kwa hiyo kila nukta husikia majirani zake tu. Kosa linalopanda na kushuka kati ya nukta jirani hufutwa na wastani wao. Likijikunja polepole, majirani wana karibu kosa lilelile, na wastani haubadilishi kitu.

Chukua mlinganyo −u'' = f kwenye mstari uliogawanywa mapengo 64, ulainishe kwa Jacobi ya uzito 2/3: kosa la kila nukta husogezwa theluthi mbili ya njia kuelekea wastani wa majirani. Kila mzunguko huzidisha wimbi la kosa lenye nusu-mawimbi k kwa 1 − (4/3)sin²(kπ/128). Kuanzia k = 32 kwenda juu, halibaki zaidi ya theluthi. Lakini k = 1 huzidishwa kwa 0.9992: mizunguko 100 baadaye bado una 92% ya kosa.

Sasa k = 16. Hapa huzidishwa kwa 0.80, uvivu mtupu. Peleka mabaki ya mlinganyo, yaani kiasi ambacho jibu la sasa halijautimiza, kwenye gridi pana ya mapengo 32 utafute sahihisho huko, na wimbi hilohilo huzidishwa kwa 1/3, maana pale limekuwa la mikunjo. Sahihisho ukilirudisha juu, lainisha tena, kwani kukadiria nukta za katikati huzaa mikunjo mipya.

— Kwa hiyo hata Jacobi bila uzito inatosha?
— Hapana. k = 63 hubadilisha ishara tu, ukubwa unabaki karibu uleule.

— Gridi yangu ni ya pande mbili, x na y, nukta zimebanana sana upande wa y. Inakwama.
— Kosa lako linalainika kwa y tu, mikunjo ya x inabaki. Jaribu kutatua kila mstari wa y kwa pamoja.
— Nimejaribu, imepungua kidogo tu.
— Mipaka umeiwekaje?