Had ya Kiingereza iwekwe lini kwenye hadithi?

"Nitawaelezaje kidato cha pili lini watumie had, lini wakati uliopita wa kawaida?"

Anayesema kuwa had ni ya mambo ya zamani sana amepatia nusu tu; hata tukio lililotangulia kwa dakika 5 linatosha. Cha kuangalia ni kama msimulizi amerudi nyuma. Funga kamba ukutani, wanafunzi watundike kadi za matukio kama yalivyotokea. Wape hii: When we reached Dodoma station, the train had left. Kadi ya treni inakaa kushoto ya kufika, maana waliikosa. Badilisha iwe the train left: kadi inahamia kulia, walifika ndipo ikaondoka. Kukiwa na before au after, mpangilio unajulikana tayari, hivyo had si lazima.