Mahindi ya ubia: karatasi niliyoikataa na ile niliyotia sahihi

Karatasi ya kwanza niliyoletewa ilikuwa imejaa neno "ubia" kila aya. Aliyenipa alikuwa tayari kutoa shilingi 600,000 ninunue mahindi Kitale, niyaweke ghalani hapa Nakuru, nije niyauze bei ikipanda. Alisisitiza kwamba yeye hali riba. Kisha nikafika kipengele cha nne: mwekezaji atapokea asilimia 4 ya mtaji wake kila mwezi, na mwisho wa mkataba atarudishiwa mtaji wote. Yaani 24,000 kila mwezi, mahindi yauzike yasiuzike. Kwa miezi sita ni 144,000. Benki ya kawaida inayotoza asilimia 18 kwa mwaka ingenidai 54,000 kwa pesa hizo hizo na muda huo huo. Niliirudisha ile karatasi siku iliyofuata, na nikakaa karibu mwezi mzima nikitafuta mwingine.

Naandika haya kwa sababu wafanyabiashara wenzangu wa Bondeni na hata wa Kisumu huniuliza ubia wa kweli unafananaje. Jina la karatasi halikuambii kitu. Tafuta mahali inapoeleza pesa zikipotea itakuwaje. Kwenye mkopo, aliyekukopesha si mwenzako wa biashara, anakudai. Mtaji ukiungua, deni liko pale pale. Kwenye ubia, pesa ya mwenzako imeingia ndani ya gunia pamoja na yako, na panya akila, anakula ya wote wawili. Kwa hiyo mkataba ukimhakikishia mtoa pesa mtaji wake, au ukimpa kiasi maalumu kinachohesabiwa kwa mtaji badala ya faida, huo ni mkopo uliovaa kanzu.

Kuna jambo jingine linalochanganya watu. Benki za Kiislamu zimekuwepo Kenya tangu 2008, na wengi hudhani kila zinachotoa ni ubia. Benki za aina hii duniani hutumia zaidi murabaha: benki inanunua bidhaa unayoitaka, inakuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana, nawe unalipa kidogo kidogo. Hiyo ni biashara ya kuuziana, na baada yake wewe ni mdaiwa kama mdaiwa mwingine. Haina kosa, ila usiende pale ukitarajia mtu wa kubeba hasara pamoja nawe.

Mwenzangu nilimpata kwa njia ya kawaida kabisa: rafiki wa marehemu baba, ninayemwita Ami, mwenye akiba na asiye na nguvu ya kupanda lori. Tulikaa na sheikh mmoja anayejua fikihi ya biashara. Ami akaleta 600,000, mimi 400,000. Huo ukaitwa musharaka, kwa kuwa sote tuliweka mtaji. Kama pesa yote ingekuwa yake na mimi ningeleta kazi tu, ingekuwa mudharaba, ambapo hasara ya pesa inamwangukia mwenye pesa peke yake, na mfanyakazi anapoteza jasho lake.

Mgao wa faida tuliandika nusu kwa nusu. Ami alishangaa: "Mimi nimeweka sitini, wewe arobaini, sasa nusu inatoka wapi?" Sheikh akamweleza kwamba faida hugawanywa kwa makubaliano, na kwa kuwa kazi yote ni yangu, naweza kupewa zaidi ya sehemu ya mtaji wangu. Yeye asiyefanya kazi hawezi kudai zaidi ya asilimia 60. Hasara, lakini, haina mjadala: inafuata mtaji, sitini kwa arobaini, na hata tukikubaliana vinginevyo haifai. Mimi nami nilitaka mshahara wa 15,000 kila mwezi. Nikaambiwa usiingizwe kwenye mkataba wa ubia. Nikitaka kulipwa zaidi, niombe sehemu kubwa ya faida, au tuandikiane mkataba wa kazi mbali kabisa. Nikaacha.

Kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote ni swali linaloonekana dogo: faida ni nini? Tulibishana mpaka adhana ya alasiri. Mafuta ya pikipiki yangu nikienda ghalani ni gharama ya ubia au yangu? (Yangu, tuliamua.) Chakula cha wapakiaji? (Cha ubia, kikiwa na risiti au sahihi yao.) Simu? Tukaandika orodha fupi ya gharama zinazoruhusiwa, na chochote kisichomo kinahitaji idhini ya Ami kwanza. Tena tukaandika kwamba hakuna faida mpaka mahindi yawe pesa na mtaji wote uonekane mezani. Ami alitaka 10,000 kila mwezi za matumizi. Akakubaliwa kwa sharti kwamba ni malipo ya awali, na msimu ukikosa faida atazirudisha. Aliposikia hivyo akaacha kuzitaka. Mauzo yote yalipita kwenye namba moja ya M-Pesa iliyofunguliwa kwa ajili ya biashara, wala si simu yangu. Ukichanganya hapo, hata malaika hatakuhesabia.

Msimu wa kwanza nilinunua magunia 300 ya kilo 90 kwa shilingi 2,800, jumla 840,000. Lori na upakiaji vilikula 45,000, kukausha, magunia na dawa 30,000, ghala 60,000 kwa miezi sita. Tukabakiwa na 25,000 mkononi. Niliuza magunia 296. Manne yalipotea kwa kunyauka na wadudu. Mahindi ukiyapokea na unyevu wa zaidi ya asilimia 13.5 lazima uyakaushe zaidi, na uzito hupungua. Hilo si uzembe wa mtu. Kwa 3,900 kila gunia nilipata 1,154,400, ukijumlisha ile 25,000 ni 1,179,400. Faida 179,400. Kila mmoja wetu akachukua 89,700.

Sasa angalia jambo ambalo wapenda ubia huwa hawakuambii. Ningechukua mkopo ule wa asilimia 18, ningelipa 54,000 na kubaki na 125,400. Msimu mzuri, ubia ni ghali kuliko mkopo. Jirani yangu wa ghala alinicheka waziwazi, na kwa hesabu ya mwaka ule alikuwa na haki.

Tulifunga hesabu, kila mtu akachukua chake, tukaandika mkataba mpya kwa mtaji ule ule. Kufunga kila msimu ni uamuzi wenye matokeo: tungeacha mkataba uendelee, hasara ya baadaye ingefidiwa kwanza na faida iliyotangulia. Sisi tulitaka kila msimu usimame wenyewe.

Msimu wa pili nilinunua vilevile, kwa bei na gharama zile zile, lakini mahindi ya Uganda na Tanzania yakaingia kwa wingi na bei ikakwama kwenye 3,000. Juu ya hapo, magunia 5 yaliloa. Bati lilikuwa likivuja kwenye kona ya ghala, mlinzi aliniambia mapema, nami nikasema nitalishughulikia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa wiki ya tatu. Nilipoyafungua, yalikuwa yamevunda na yana ukungu wa kijani. Ukungu ule unaweza kuwa na sumukuvu, kwa hiyo hayafai kuuziwa mtu wala kuku. Tukayatupa.

Hapo ndipo mkataba ulipopimwa. Magunia mawili yaliyopotea kwa kunyauka na bei kuanguka ni hasara ya biashara. Magunia matano ni uzembe wangu, na mfanyakazi mzembe hujibu kwa mali yake. Ami hakunifokea. Aliuliza tu, "Mlinzi alikwambia lini?" Nikamwambia ukweli, kwani tarehe ilikuwa kwenye ujumbe wa simu. Nililipa 14,000 ndani ya ubia, yaani bei tuliyonunulia shambani. Faida ambayo ingepatikana hakunidai. Ndiyo sababu pia dhamana inaweza kuwepo kwenye ubia: Ami alishika nakala ya hati ya pikipiki yangu, lakini karatasi ilisema wazi kwamba ni kwa ajili ya uzembe, udanganyifu au kuvunja masharti. Dhamana inayouzwa kwa sababu tu bei imeshuka ni ile ile riba ya mlango wa nyuma.

Niliuza magunia 293, nikapata 879,000. Na 25,000 ya mkononi na 14,000 zangu, ikawa 918,000. Hasara 82,000. Ami alibeba 49,200, mimi 32,800, na ukiongeza ile fidia, mimi nilitoa 46,800. Ningekuwa na mkopo, hasara yote ya 96,000, yaani 82,000 na zile 14,000, ingekuwa yangu, na juu yake 54,000 za benki: 150,000. Kwa misimu miwili, mwenye mkopo angekuwa chini 24,600, nami niko juu 42,900. Misimu miwili mizuri mfululizo, na mwenye mkopo angenishinda. Kama una hakika na soko lako, kama vile una oda ya shule iliyosainiwa, huna sababu kubwa ya hesabu kumgawia mtu nusu. Labda una sababu ya dini, na hiyo ni yako.

Onyo moja kwa upande wa sheria za nchi. Makubaliano yenu ya nani anabeba nini yanawafunga nyinyi wawili. Msambazaji mliyenunua kwake kwa deni hayamhusu. Anaweza kumdai mbia yeyote. Kwa hiyo tuliandika kwamba sinunui kwa deni kwa jina la ubia bila sahihi ya Ami, na wakili wa hapa mjini akaipitia karatasi kabla hatujatia sahihi.

Ami alikuwa wa kwanza kunipigia msimu wa tatu. Alitaka mambo mawili: mgao uwe 55 kwake, 45 kwangu, kwa kuwa ameona hasara inafananaje, na bei ikikaa chini ya 3,200 kwa wiki mbili, tukae tuamue pamoja kuuza au kungoja. La pili nilikubali papo hapo. La kwanza nilimwambia nitalifikiria, na kabla ya kulijibu nilienda kwanza kubadilisha lile bati.