Mtaji wa dagaa huliwa wakati wa mbalamwezi

Nyie mnaoanza biashara pembeni ya ajira hapa Kigoma, mi nauza dagaa huu mwaka wa nne huku nafundisha, na naomba niwaambie mtaji wangu wa kwanza uliishia wapi. Nilitoa laki nne kwenye akiba yangu, nikanunua dagaa wakavu Kibirizi, nikapakia kwenda Tabora, hela ikarudi vizuri tu. Shida ilikuja mbalamwezi. Mnajua mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, maboti yanapumzika, mzigo unakuwa adimu na bei inapanda, kwa hiyo hela inakaa kwenye simu siku kadhaa haina kazi. Na ilikaa kwenye laini ileile ninayonunulia luku. Leo unga, kesho daftari za watoto, giza liliporudi nikakuta laki mbili na themanini, na hakuna siku hata moja niliyoona nimefanya kosa.

Kwa hiyo cha kwanza sajili laini nyingine, ya biashara peke yake, na wateja wote walipe huko. Usiiache kwenye simu unayotembea nayo, mi yangu inakaa kwenye kisimu kidogo kabatini.

Cha pili, na hapa ndo wengi tunateleza, nyumbani kunakula faida tu, tena baada ya mzigo wote kuuzwa. Mfano safari yangu moja ya mtaji wa 400,000: dagaa 340,000, usafiri 25,000, magunia na upakiaji 15,000, ikabaki 20,000. Nikauza 470,000, makato ya simu 6,000, jumla mkononi 484,000. Faida ni 84,000, sio 470,000 unayoiona kwenye meseji! Nusu, yaani 42,000, naihamishia laini ya nyumbani mara moja tu, nusu inabaki kwa ajili ya siku mbaya. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, ile nusu ndo ilifanya nisiguse mtaji.

Halafu kuna dagaa wa kupika. Ukichota sado moja kwenye gunia umetoa hela, basi lipa kwa bei uliyonunulia, kutoka laini ya nyumbani. Baba watoto mwanzoni aliona namnyima mboga, nikakaa naye na daftari nikamwonyesha sado tatu kwa kila mzigo zinavyokula faida, sasa hivi yeye ndo anatuma hela kabla hajachota.

Utajuaje mtaji unaliwa? Kila mbalamwezi hesabu hela iliyopo kwenye laini, ongeza mzigo ambao haujauzwa kwa bei ya kununulia, ongeza na madeni ya wateja wanaolipa kweli. Ikishuka chini ya kiasi ulichoanzia, mwezi huo nyumbani hakuendi hata mia mpaka pengo lizibe. Na ukiongeza hela kutoka mshahara andika ni mkopo na tarehe yake, maana ukiitumbukiza kimyakimya utaona biashara inaenda kumbe mshahara ndo unaibeba.