Mama, manjano na ile "mara 20"

Mama yangu yuko Kibaigwa, na magoti yanamsumbua. Kila asubuhi alikuwa anakunywa kikombe cha maji ya moto yenye kijiko cha manjano. Shoga yake akamwambia aongeze pilipili manga na mafuta ya alizeti, dawa itaingia mwilini mara 20. Akanipigia simu: "Mwanangu, ni kweli?"

Hiyo mara 20 ipo kweli. Ilipatikana kwenye utafiti uliofanywa India mwaka 1998, ila watu waliopimwa hawakunywa manjano ya jikoni. Walipewa gramu 2 za kurkumini tupu, yaani ile rangi ya njano yenyewe, na katika damu yao haikuonekana, au ilionekana kidogo mno. Walipoongezewa miligramu 20 za piperini, ukali wa pilipili manga, ndipo ikapanda. Hata hivyo ilidumu muda mfupi, saa moja hivi ya mwanzo.

Sasa tupime kijiko cha mama. Kijiko cha chai cha manjano ni kama gramu 3, na kurkumini ndani yake ni karibu asilimia 3, yaani miligramu 90 hivi. Ili afikie gramu 2 angehitaji zaidi ya vijiko 20 kwa mara moja. Pilipili si tatizo, kwani mibano miwili ya vidole inatosha kutoa piperini ile. Kinachopungua ni manjano yenyewe, na ukizidisha mara 20 kitu ambacho ni karibu na sifuri, bado unabaki na kidogo.

Sababu ni kwamba kuta za utumbo na ini huikamata kurkumini upesi, huibandika kemikali nyingine, kisha mwili huitoa. Piperini huchelewesha kazi hiyo.

Mafuta nayo yana kazi yake. Mama alishaona mwenyewe: kwenye kikombe cha maji unga unatuama chini, lakini kwenye sufuria mafuta yakipata moto yanageuka ya dhahabu mara moja. Kurkumini huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Kwa hiyo mafuta huifikisha ukutani mwa utumbo ikiwa imeyeyuka, lakini hapo mlangoni bado itakamatwa. Nilimwambia aache kikombe, manjano ayakaange na kitunguu kwenye mchuzi wa karanga, na magoti ayapeleke kwa daktari.

Jambo lililonitia hofu ni jingine. Baba mdogo anakaa naye, na anatumia fenitoini ya kifafa. Piperini inaweza kuongeza kiasi cha dawa hiyo kwenye damu. Pilipili ya kwenye mchuzi sina ugomvi nayo, ila vidonge vya kurkumini na piperini nilikataa visiingie nyumba ile kabla ya kumuuliza daktari wake. Vidonge vya aina hiyo vimewahi kuumiza ini hata kwa watu wazima wa afya. Anayevitumia akiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, macho yana umanjano, au mwili unawasha bila vipele, aviache siku hiyo hiyo na aende hospitali navyo mkononi.