Fumbo linapoficha ngeli

"Mwalimu, nimekutumia picha ya ukurasa wa chemshabongo. Mlalo 7, 'Huruka porini, hufunika nyumba (3)': mume wangu anasema tai, mimi sikubali. Mlalo 11, 'Jiji la ziwani likikatwa kichwa huua': sisi ni watu wa Nakuru, tukajaribu Nakuru, tukabaki na 'kuru'. Wima 2, 'Ndugu, kata tonge ufike mji wa Magharibi (8)': tumejaza Kakamega kwa sababu imeingia, lakini hatujui kwa nini. Kuna kanuni hapa, au mtunzi anatuchezea tu?" — Msomaji, Nakuru

Anawachezea, ndiyo, ila kwa kanuni, na kanuni kubwa kuliko zote imejificha katika silabi moja: hu- ya mazoea.

Tuanze na mlalo 7, maana ndiyo iliyoleta ugomvi nyumbani. Tai si jibu la kijinga. Lina herufi tatu, ndege huyo huruka, na herufi ya pili ni A, sawasawa na A ya Kakamega inayokatiza hapo. Ndiyo maana mzee hakutetereka. Kisanduku cha tatu kingewaamulia, lakini naona wima inayopita hapo bado iko tupu. Basi turudi kwenye maneno yenyewe. Dokezo lina nusu mbili, na jibu lazima litosheleze zote mbili. Tai anatosheleza ya kwanza tu. Sijamwona tai anayefunika nyumba.

Jibu ni paa. Paa wa porini ni mnyama yule mwepesi wa familia ya swala, na kuruka kwake ni kwa miguu, si kwa mabawa. Kitenzi "ruka" kinabeba maana zote mbili, na mtunzi alijua fika kwamba macho yenu yatakimbilia angani. Paa la pili ni lile la mabati au makuti juu ya nyumba. Katika kamusi haya ni maneno mawili yanayoandikwa sawa, kila moja na kitomeo chake, na kinachoyatenganisha katika sentensi ni ngeli. Tunasema paa huyu, paa hawa. Lakini paa hili, mapaa haya.

Sasa hebu mjaribu kuandika dokezo hilo kwa wakati mwingine wowote. "Anaruka porini": tayari mmefichua kiumbe. "Linafunika nyumba": mmefichua kitu cha ngeli ya li-ya. Mkiweka a- na li- pamoja katika dokezo moja, msomaji makini atajua papo hapo kwamba anatafuta neno lenye ngeli mbili, na fumbo limekwisha. Lakini hu- haipokei kiambishi cha nafsi wala cha ngeli. Mtoto huruka, paa huruka, mpira huruka, cheche huruka. Kitenzi hakibadiliki hata kidogo. Kwa mtunzi wa mafumbo hicho ni kinyago kizuri mno. Kwa hiyo mkikuta hu- mbili zimefuatana bila mtendaji kutajwa, shukuni kwanza neno lenye maana mbili: mbuzi anayekula majani na mbuzi ya kukunia nazi, kaa wa baharini na kaa la moto, tembo wa mbugani na tembo la mnazi. (Paa ina utajiri zaidi: kuna kupaa angani, na kuna kupaa samaki, yaani kumtoa magamba. Mtunzi anayeishi karibu na soko la samaki angeitumia hiyo.)

Mlalo 11 ina hu- hiyohiyo, ila imefanya kazi nyingine. Idadi ya herufi imekatwa na ukingo wa picha, lakini visanduku vinaonekana: ni vinne. Someni viambishi. "Likikatwa" ina li-, nayo inarudi kwa jiji. Kinachokatwa kichwa ni jina la jiji, hakuna shaka. Kisha ghafla "huua", bila li-. Mtunzi angeandika "linaua", angekuwa anadai kwamba jiji ndilo muuaji, na hilo lingekuwa uongo. Angeandika "inaua", angetoa ngeli ya jibu bure. Akachagua hu- akapita katikati. Muuaji basi si jiji. Ni kile kinachobaki baada ya kukata.

Kukata kiasi gani? Wengi hudhani kichwa ni herufi moja. Hapa visanduku vinawasahihisha: jina la herufi sita likibaki na nne, zimeondoka mbili, yaani silabi nzima. Hilo linaendana na Kiswahili, kwa kuwa tunakata maneno kwa silabi, tofauti na wanaokata herufi mojamoja. Nakuru ilistahili kujaribiwa. Ni jiji tangu 2021, ina ziwa lake, na ina herufi sita. Ila kuru haimuui mtu. Jiji lingine la ziwani ni Kisumu. Ondoeni ki-, inabaki sumu. Namna ya kujua kwamba mmekosea katika mafumbo ya aina hii ni hiyo tu: kipande kinachobaki lazima kiwe neno zima, na neno hilo litimize kitenzi kilichotolewa. Kimoja kikikosekana, futeni.

Kuhusu wima 2, mmepata, na sababu ni fupi. "Ndugu" ni kaka, "kata tonge" ni mega, na viwili vikiunganishwa vinazaa kilichoelezwa mwishoni, mji wa Magharibi. Anayekula ugali anajua kumega: kidole gumba na vidole vingine, si kisu. Kwa sababu hiyo sikupendezwa na "kata". Ningemshauri mtunzi aandike "nyofoa tonge". Koma baada ya "ndugu" ndiyo mshono, inawaonyesha mahali kipande cha kwanza kinapoishia. Lakini mchezo huu hausemi lolote kuhusu asili ya jina Kakamega. Msije mkamwambia mtoto kwamba mji uliitwa hivyo kwa sababu kaka fulani alimega ugali.

Kinyago cha hu- kina mpaka wake. Hakifanyi kazi katika ukanushi, kwa sababu hu- ikikanushwa, kiambishi cha ngeli hurudi: mtu haruki, paa la nyumba haliruki, mpira hauruki. Mtunzi akiandika dokezo la kukanusha bila kutaja mtendaji, amewapa ngeli atake asitake. Mkiona "halichoki", wekeni kando watu na wanyama wote, mtafute jina la li-ya.

Msiipeleke mbinu hii kwenye kitendawili kilichochapishwa chini ya ukurasa huohuo, "Nyumba yangu haina mlango". Pale "haina" inafuata nyumba, picha iliyotumiwa kufichia. Jibu ni yai, na yai lingedai "halina". Mtakaosaka jina la i-zi kwa kufuata "haina" mtazunguka hadi chai ipoe.