Alama 82 na 54 kwa ombi moja la ruzuku

Swali: "Tuko wanne hapa Kisumu, tunapima maombi 18 ya ruzuku. Ombi la vizimba vya samaki mwenzangu amelipatia alama 82, mimi 54. Tuchukue wastani?"

Hapana, ndugu yangu. Wastani wa 68 utaficha tofauti bila kuieleza. Linganisheni alama zenu kigezo kwa kigezo; mara nyingi pengo liko mahali pamoja tu.

Tuseme ni bajeti, na waombaji wameandika "usafiri, shilingi 480,000" basi. Mmoja huona jumla inafaa, mwingine huona hakuna hesabu. Fungueni mpango wa kazi: ukionyesha safari 24 za shilingi 5,000, hizo ni 120,000. Shilingi 360,000 zilizobaki ni za nini?

Kwa hiyo andikeni maana ya alama za bajeti: 5 ni idadi, bei na sababu, 3 ni idadi na bei bila sababu, 1 ni jumla tupu. Jaribuni maombi mawili pamoja, kisha kila mtu apime peke yake, bajeti zote 18 kwanza, ndipo mhamie kigezo cha utekelezaji. Mkipima ombi zima kwa mkupuo, lengo lililoandikwa vizuri huinua hata alama za bajeti. Mwishoni rudieni matatu ya kwanza, maana ukali wa mpimaji hubadilika akichoka.